Habari Iliyofichwa Ndani ya Nukuu

Taarifa kwa vyombo vya habari ikifika kwenye dawati la habari ina muda mfupi sana wa kujieleza. Mhariri anaisoma akiwa na nyingine kadhaa mbele yake, na akimaliza aya mbili bila kujua kilichotokea, anahamia inayofuata. Wengi wanaoandika taarifa hizi wanalijua hilo, lakini bado habari wanaiweka aya ya tatu. Sababu, kwa ninavyoona, iko katika mpangilio wenyewe: aya ya kwanza imeshatolewa kwa taasisi, ya pili kwa historia ya mradi, na habari yenyewe ameachiwa mkubwa aiseme kwa kinywa chake. Kwa hiyo kuchelewa kwa habari na urefu wa nukuu ni ugonjwa mmoja. Ukiutibu upande mmoja, wa pili unapata nafuu.

Tuchukue mfano, ambao nimeutunga kwa sura ya taarifa za kila siku za mamlaka za maji. Aya ya kwanza inasema hivi:

“Katika kuhakikisha kuwa wananchi wanaendelea kupata huduma bora ya majisafi, Mamlaka ya Maji, ikiwa ni sehemu ya utekelezaji wa mpango wake wa miaka mitano wa kuboresha miundombinu, leo imefanya kikao na waandishi wa habari katika ukumbi wake, ambapo Mkurugenzi Mtendaji ameeleza hatua mbalimbali zinazochukuliwa.”

Aya ya pili inataja mpango ulivyoanza na waliouchangia. Kisha inakuja nukuu:

“Kama mnavyofahamu, bomba letu kuu ni la muda mrefu na limekuwa likipasuka mara kwa mara, hivyo tumeona ni vyema tukafanya zoezi la kubadilisha kipande cha mita 300, zoezi ambalo litaanza Jumamosi saa 12 asubuhi hadi Jumapili saa 12 jioni, na katika kipindi hicho wateja wetu wa kata za Majengo, Sokoni na Kaloleni watakosa huduma, ila tutapeleka maboza hospitali na vituo vya afya, na niwaombe radhi, najua kuna watu watalala bila maji na si jambo la kupendeza, lakini tukiliacha bomba hili tutakuja kukosa maji wiki nzima, na niwasihi wananchi waendelee kutuamini.”

Anza na kalamu, na uanze na nukuu, si na aya ya kwanza. Pigia mstari kila kitu ambacho kinabaki kuwa kweli hata kisiposemwa na Mkurugenzi: mita 300, Jumamosi, saa 12, kata tatu, maboza. Hivyo vyote ni taarifa, na mahali pake ni nje ya alama za nukuu. Sasa angalia aya ya kwanza kwa jicho hilo hilo. Kitenzi chake kikuu ni “imefanya kikao.” Kikao hicho kimemgusa nani? Waandishi waliohudhuria. “Watakosa huduma,” kitenzi kinachowagusa wakazi wa kata tatu, kimelala katikati ya nukuu, baada ya koma kadhaa. Hicho ndicho cha kupandisha juu:

“Wakazi wa kata za Majengo, Sokoni na Kaloleni watakosa maji kwa saa 36, kuanzia Jumamosi saa 12 asubuhi hadi Jumapili saa 12 jioni, wakati Mamlaka ya Maji ikibadilisha kipande cha bomba kuu.”

Sentensi imeanza na watu, ikafuata na kinachowapata, kisha muda, kisha sababu. Taasisi imetajwa mwishoni, na haijapungukiwa kitu. Mita 300 na kupasuka kwa bomba nimeviacha makusudi kwa sentensi ya pili. Hapa ndipo wengi wanapokosea wakishajifunza kupandisha habari: wanataka nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi vyote viingie kwenye sentensi moja, na inakuwa nzito kama ile ya mwanzo. Njia rahisi ya kugundua ni kuisoma kwa sauti, kwa mwendo wa mtangazaji wa redio. Ukiishiwa pumzi kabla ya nukta, kuna kitu cha kushusha. Kiswahili kina mtego wake hapa: “ambapo,” “ambalo” na “ikiwa ni” zinaruhusu sentensi iendelee bila kuvunja sarufi, kwa hiyo sikio linagundua kabla ya jicho.

Mtego mwingine ni saa. Rasimu nyingi huanzia kwenye ratiba ya mafundi iliyoandikwa kwa Kiingereza, 6:00 a.m., na mwandishi mwenye haraka anaandika “saa 6:00 asubuhi.” Mkazi mmoja atadhani ni saa 12 asubuhi, mwingine saa 6 mchana, na huyo wa pili atakuta bomba kavu kabla hajajaza ndoo. Kila saa inayopanda kwenye sentensi ya kwanza ihakikiwe upya.

Turudi kwenye nukuu. Baada ya kuondoa taarifa, kilichobaki ni maneno ya ufunguzi, ombi la radhi, uamuzi na ombi la kuaminiwa. Uamuzi ndio wa kubaki, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye mamlaka ya kuusema:

“Najua kuna watu watalala bila maji na si jambo la kupendeza, lakini tukiliacha bomba hili tutakuja kukosa maji wiki nzima,” alisema Mkurugenzi Mtendaji.

Hakuna neno hata moja nililolibadilisha, na hilo ni la lazima. Kufupisha nukuu ni kuchagua kipande kilichokamilika, si kumtungia mtu maneno. Kama ningetaka na ombi la radhi kwa maneno yake, ningelifungulia nukuu nyingine yenye “aliongeza,” badala ya kushona vipande viwili vilivyotoka mahali tofauti vikaonekana kauli moja. Kwa taarifa ya ukurasa mmoja, nukuu moja ya namna hii inatosha.

Ukishapanga upya, mapengo yanaonekana. Jumamosi ipi? Taarifa haina tarehe, na gazeti la wiki linaweza kuichapa wiki inayofuata. Maboza yanakwenda hospitali, je, majumbani? Aliye ghorofani na hana tanki apige simu wapi? Katika rasimu ya kwanza maswali haya yalifunikwa na maneno mengi. Usiyajibu kwa kukisia. Mpigie mhandisi anayesimamia kazi.

Historia ya mpango na waliouchangia inashuka aya ya mwisho. Mhariri akikosa nafasi anakata kuanzia chini, kwa hiyo yaliyo huko yawe yale ambayo msomaji anaweza kuyakosa na bado akajua lini ahifadhi maji.

Inabaki kazi ya kumpelekea mkubwa, na hapo ndipo taarifa nyingi nzuri zinaporudishwa kwenye umbo la zamani. Anaona nukuu yake imepungua, anadhani amepunguzwa yeye. Usimpelekee rasimu mpya peke yake. Mpelekee zote mbili, na kwenye ile ya zamani onyesha kila kipande cha nukuu kilikohamia: kata ziko sentensi ya kwanza, maboza aya ya pili, mita 300 aya hiyo hiyo. Akiona hakuna kilichopotea, mara nyingi anabaki kuuliza kuhusu ombi la kuaminiwa tu. Akisisitiza liwepo, liweke aya ya mwisho, pamoja na historia ya mpango.