Mti mfupi, mnene: siri ya databesi kupata namba moja kati ya milioni 10

Chukua kazi hii. Una databesi ya wateja milioni 10, kila mmoja na namba yake ya simu. Mtu anapiga, unaandika namba yake, na rekodi yake inafaa kutokea kabla hajamaliza kusema "halo". Seva ni ya bei nafuu, memori ni gigabaiti 1, na data iko kwenye diski ya zamani ile inayozunguka. Inawezekanaje?

Wengi waliopitia somo la kompyuta watakujibu haraka: panga namba kwenye mti. Kila kifundo cha mti kina namba moja. Unayoitafuta ikiwa ndogo unaenda kushoto, ikiwa kubwa unaenda kulia. Kila hatua inatupa nusu ya namba zilizobaki, kwa hivyo kwa milioni 10 unahitaji hatua 24 tu. Kwenye karatasi, hiyo ni poa sana.

Noma inaanza ukikumbuka mti uko wapi. Uko kwenye diski.

Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika ni chuma kinachotembea kihalisia. Mkono wake unasogea hadi mahali panapofaa, na hiyo huchukua kama milisekunde 8. Halafu unangoja sahani izunguke hadi data ifike chini ya mkono, wastani wa nusu mzunguko, milisekunde 4 hivi. Jumla ni 12 kwa safari moja. Sasa vile vifundo 24 vimetapakaa kila kona ya diski, kwa hivyo ni safari 24, karibu milisekunde 288. Kwa mteja mmoja utavumilia. Lakini bosi akitaka ripoti ya wateja 500, hiyo ni zaidi ya dakika mbili watu wakiangalia skrini.

Na hapa ndipo kuna uchungu zaidi: ile safari haikuwa na haja ya kuleta namba moja. Muulize mama mboga yeyote anayeenda Marikiti alfajiri. Gharama yake kubwa ni nauli na usingizi alioukosa, si ile nyanya moja zaidi ndani ya gunia. Hawezi kwenda, anunue nyanya moja, arudi mtaani, halafu aende tena kwa ya pili. Diski pia iko hivyo. Mkono ukishafika mahali, kusoma baiti 20 au baiti 8,000 zilizofuatana ni karibu bei ile ile. Kwa hivyo databesi haisomi namba moja moja. Inasoma ukurasa mzima: PostgreSQL hutumia kurasa za kilobaiti 8, InnoDB ya MySQL kilobaiti 16, na SQLite, ile iliyo ndani ya kila simu ya Android, kwa kawaida kilobaiti 4.

Rudolf Bayer na Edward McCreight, wakifanya kazi Boeing kule Marekani, ndio walioutengeneza mti unaofuata tabia hii ya diski. Makala yao ilichapishwa 1972, na humo hawakusema ile herufi B ya "mti-B" inasimamia nini. Watu wanabishana hadi leo. Wazo lao ni rahisi: kifundo kimoja kijaze ukurasa mzima.

Tupige hesabu kwa PostgreSQL. Namba ya simu iliyohifadhiwa kama namba, pamoja na anwani ya kule rekodi iliko, inakula baiti 20 hivi ndani ya indeksi. Kwenye ukurasa wa kilobaiti 8 zinaingia kama 400, lakini kurasa huachiwa nafasi, kwa hivyo tuseme 300. Kifundo cha juu kabisa kinaelekeza kwa kurasa 300. Kila moja ya hizo inaelekeza kwa nyingine 300, ambazo ndizo majani, na kila jani lina namba 300. Zidisha: 300 × 300 × 300 ni milioni 27. Wateja wako milioni 10 wanatoshea ndani ya ngazi tatu. Safari 24 zimekuwa 3, halafu moja ya kuchukua rekodi yenyewe.

Na inazidi kuwa tamu. Ngazi mbili za juu ni kurasa 113 tu hivi, haziji hata megabaiti 1. Kwa sababu kila utafutaji hupitia hapo, hukaa kwenye memori muda wote. Kwa hivyo diski inaguswa mara mbili: jani, kisha rekodi.

Mti wenyewe haulegei ukiongeza wateja? Tuseme jani linabeba namba nne tu, na tayari lina 10, 20, 30, 40. Inakuja 25. Hakuna nafasi, kwa hivyo jani linapasuka mara mbili: 10, 20 upande mmoja, na 25, 30, 40 upande wa pili. Halafu 25 inanakiliwa juu kama kibao cha barabara: chini ya 25 pita huku, kuanzia 25 pita kule. Kifundo cha juu kikijaa nacho kinapasuka. Kile cha kilele kabisa kikipasuka, kinazaliwa kilele kipya juu yake. Yaani mti huu hukua kuelekea juu, na ndiyo maana majani yote hubaki kina kimoja.

Sasa mbona tusitumie kurasa za megabaiti 1 tumalize kabisa? Kwa sababu ukibadilisha namba moja, ukurasa mzima huandikwa upya, na kila ukurasa hula memori hata kama ulitaka mstari mmoja. Diski za kisasa zisizozunguka zimepunguza ile milisekunde 12 sana, lakini nazo husoma kwa kurasa, kwa hivyo mti-B haujaenda popote.

Kinachoumiza seva ndogo ni ufunguo mnene. Weka indeksi kwenye maandishi ya baiti 100, labda jina na baruapepe vikiwa vimeunganishwa, na ukurasa utabeba kama 60 badala ya 300. Mti unaongezeka ngazi moja tu, hiyo si shida. Shida ni ukubwa: majani ya indeksi ya namba za simu yalikuwa megabaiti 270 hivi, haya sasa ni zaidi ya gigabaiti 1.3. Ile seva yako ya gigabaiti 1 haiwezi kuyashika kwenye memori, na safari za diski zinarudi.

Kujua indeksi yako inafanya nini, uliza PostgreSQL yenyewe:

```sql
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
SELECT * FROM wateja
WHERE simu = 254700000000;
```

Ukiona `Index Scan` na `shared hit=2 read=2`, ni ile hesabu yetu: kurasa mbili zilikuwa kwenye memori ya databesi, mbili ikaziomba nje. Ukiona `Seq Scan` kwenye jedwali la milioni 10, inasoma kila kitu toka mwanzo. Mara nyingi indeksi haipo kabisa, au mtu anatafuta kwa tarakimu nne za mwisho. Hapo mti hausaidii: umepangwa kuanzia mbele, na vibao vyote vya barabara vinasoma upande huo. Wateja wakizoea kutaja zile nne za mwisho, ziwekee safu yake na indeksi yake.