Picha ni ya nani kabla salio halijalipwa?

Mpiga picha wa Kenya anayengoja hadi wakati wa kudai pesa zake ndipo aandike kwamba hakimiliki ni yake mpaka alipwe, huenda amechelewa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi ikiagizwa na mteja, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa mteja huyo, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Ankara iliyotumwa baada ya kazi ni dai la upande mmoja. Kwa hiyo sharti hilo liwe kwenye makadirio ya bei, mteja atie sahihi kabla ya picha ya kwanza kupigwa, kisha ankara ilirudie vilevile.

Tuseme mkahawa wa Diani unataka picha 20 za vyakula. Siku ya kupiga ni shilingi 30,000, na kuhariri 10,000. Kwa kawaida picha zingekuwa tayari baada ya siku saba, lakini menyu mpya inazinduliwa na mwenye mkahawa anazitaka ndani ya saa 48. Ada ya haraka, nusu ya gharama ya kuhariri, ni 5,000. Iwe na mstari wake, na ielezwe kwamba saa zinaanza kuhesabiwa mteja akishachagua picha. Bila maelezo hayo, mteja atachagua Alhamisi, kisha aulize mbona Ijumaa hajapata kitu.

Mstari wa leseni ni 20,000: tovuti na kurasa za mitandao ya kijamii za mkahawa, kwa mwaka mmoja. Jumla ni 65,000. Bango la barabarani halimo, wala ruhusa ya kumpa picha muuza soda atangazie bidhaa zake. Leseni isiyotaja mahali na muda humwachia kila mtu kuisoma apendavyo.

Mwenye mkahawa akitaka picha ziwe zake moja kwa moja, bei inabadilika. Badala ya leseni ya 20,000 analipia hakimiliki, tuseme 60,000, na jumla inafika 105,000. Hapo sharti lisomeke hivi: "Hakimiliki itahamia kwa mteja siku jumla yote itakapoingia kwenye akaunti ya mpiga picha. Kabla ya hapo mteja anaruhusiwa kutumia picha kwenye tovuti yake tu, na ruhusa hiyo inakoma siku 30 baada ya tarehe ya ankara ikiwa salio halijalipwa." Neno "itakapoingia" limewekwa makusudi, maana hundi iliyoandikwa bado inaweza kurudishwa na benki.

Salio likishaingia, kazi moja imebaki, na wateja wengi huisahau. Sheria hiyohiyo inataka uhamisho wa hakimiliki uwe kwa maandishi yenye sahihi ya anayehamisha. Barua ya nusu ukurasa inatosha, mradi itaje namba za picha zote 20 na iseme kama faili ghafi za kamera zimo au hazimo.