Ukame Haukuua Peke Yake: Tuchore Ramani ya Mawazo ya Baa la Njaa la Somalia, 2011

Tunaposikia habari za baa la njaa, mara nyingi tunaomba mvua. Ni sala njema. Lakini mvua zilizokosekana mwishoni mwa mwaka 2010 zilikosekana Somalia ya kusini, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya kwa pamoja. Pote palikuwa na mateso makubwa, mifugo ilikufa na watoto walidhoofika. Hata hivyo ni Somalia ya kusini peke yake ambako Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa, tarehe 20 Julai 2011. Inakadiriwa kuwa watu 258,000 walipoteza maisha huko, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ikiwa anga lilikuwa moja, kwa nini makaburi hayakulingana?

Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Sita, katika Waraka wake wa Kitume *Caritas in Veritate* wa mwaka 2009, alifundisha kwamba njaa haitokani sana na uhaba wa vitu, bali na udhaifu wa taasisi na wa mahusiano ya kijamii. Ili fundisho hilo tulione kwa macho, tunapendekeza kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kwa vijana na kwa kamati za Haki na Amani zoezi la kuchora ramani ya mawazo. Linahitaji karatasi kubwa, kalamu za rangi nne na muda wa saa moja hivi.

Tuanze katikati ya karatasi kwa kuchora duara. Ndani yake tusiandike neno “njaa” tu, kwa kuwa neno hilo ni pana mno. Tuandike: “Baa la njaa, Somalia ya kusini, 2011”. Baa la njaa lina kipimo chake. Hutangazwa pale ambapo angalau kaya moja kati ya tano imekosa chakula kabisa, watoto zaidi ya thelathini katika kila mia wana utapiamlo mkali, na watu wawili au zaidi kati ya kila elfu kumi wanakufa kila siku. Kwa hiyo swali letu ni hili: ni nini kilichoisukuma sehemu ile hadi kufikia vifo vya kiasi hicho?

Kutoka kwenye duara tutoe matawi manne, kila moja kwa rangi yake: hali ya hewa, uchumi, siasa na jamii. Katika tawi la hali ya hewa tuandike kwamba mvua za vuli, ambazo Wasomali huziita *deyr*, zilikosekana mwaka 2010, na kwamba mvua kuu za *gu* za mwaka 2011 zilikuwa haba. Tawi hili huishia hapo, nalo ni fupi kuliko wengi wanavyotazamia.

Katika tawi la uchumi tuandike kwamba bei ya mtama katika mikoa ya kusini ilipanda zaidi ya mara mbili. Wakati huohuo kazi ya vibarua mashambani ilikauka, kwa sababu hapakuwa na cha kupalilia wala cha kuvuna, na mbuzi waliokonda walileta fedha kidogo sokoni. Tuzingatie jambo hili: nafaka ilikuwapo katika baadhi ya masoko, lakini maskini hakuwa na fedha ya kuinunua.

Katika tawi la siasa tusiandike “vita” tu na kuridhika. Tujiulize: nani alifanya nini, na lini? Kundi la Al-Shabaab lilitawala sehemu kubwa ya kusini. Mwanzoni mwa mwaka 2010 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha kazi zake katika maeneo mengi huko kwa sababu ya vitisho na madai ya malipo, na baadaye Al-Shabaab wakalipiga marufuku. Kwa upande mwingine, Marekani ilikuwa imeliorodhesha kundi hilo kuwa la kigaidi mwaka 2008. Mashirika yakaogopa kushitakiwa iwapo misaada yao ingeangukia mikononi mwake, na misaada ya nchi hiyo ikapungua mno. Tena, wataalamu walitoa maonyo tangu nusu ya pili ya mwaka 2010, lakini fedha nyingi zilifika baada ya baa kutangazwa.

Katika tawi la jamii tuandike ni nani waliokufa. Walioumia zaidi walikuwa wakulima na wafugaji wa koo za Rahanweyn pamoja na Wabantu wa Somalia, wanaoishi kati na kando ya mito Juba na Shabelle. Ni watu waliobaguliwa kwa muda mrefu. Wengi wao hawakuwa na ndugu wengi ng’ambo wa kuwatumia fedha, wala koo zenye nguvu za kuwatetea.

Hadi hapa tuna orodha tu yenye sura ya mti, na wengi huishia hapo. Ramani huanza kusema tunapochora mishale kutoka tawi moja hadi jingine, na juu ya kila mshale tukaandika kitenzi. Mvua zilikosekana, zikaua kazi za vibarua. Marufuku ya misaada ilipunguza nafaka sokoni, ikapandisha bei. Ubaguzi uliwanyima watu fedha za ndugu, hivyo bei ilipopanda hawakuwa na pa kushika. Mshale tusioweza kuuandikia kitenzi tuufute, maana ni dhana isiyo na ushahidi.

Tujihadhari pia na kuchanganya sababu na matokeo. Wakimbizi waliofurika Dadaab, Garissa, katika kambi zilizojengwa kwa ajili ya watu 90,000, walikuwa matokeo ya baa. Lakini kuhama kwao kuliacha mashamba bila mikono. Hapo mshale una ncha mbili, nasi tuuchore hivyo.

Mwisho tuijaribu ramani yetu. Tufunike kwa kiganja tawi moja na kuuliza: je, bila hili wangekufa watu wengi kiasi hiki? Tukifunika siasa na jamii na kuacha ukame na bei tu, tunabaki na picha inayokaribia ile ya kaskazini mwa Kenya: dhiki kubwa, lakini misaada na masoko yanafika, na baa halitangazwi. Jibu hilo si hesabu kamili, kwa kuwa ramani haipimi uzito wa kila sababu. Walakini linatuonyesha ni wapi mnyororo ungeweza kukatwa.

Umoja wa Mataifa ulitangaza mwisho wa baa hilo tarehe 3 Februari 2012, baada ya misaada kuongezeka na mvua kuleta mavuno mazuri. Mvua, basi, tuendelee kuiomba. Lakini tukiitazama ramani tunaona mishale mingi ikianzia katika maamuzi ya wanadamu: aliyefunga njia ya chakula, aliyeogopa kutoa, aliyesikia onyo akangoja, aliyemhesabu jirani kuwa si wa ukoo wake. Hayo hayaondolewi na mawingu. Yanahitaji toba, na mahali pa kuianzia tumekwisha kupachora kwenye karatasi.