Bando limekatwa kuliko matumizi? Andika barua yenye ushahidi huu

Ukipiga simu huduma kwa wateja kulalamika kwamba bando limeisha haraka, jibu ni lile lile: "Simu yako ina programu zinazotumia data bila wewe kujua." Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Picha zinajihifadhi zenyewe mtandaoni, video za Status zinajipakua, programu zinajisasisha usiku, na data inaondoka huku simu ikiwa mfukoni.

Ila kuna jambo ambalo mhudumu hawezi kulitaja. Hizo programu zinazojiendesha, simu yako inazihesabu pia. Fungua Settings, nenda kwenye matumizi ya data ya laini husika, utakuta jumla ya kila kilichopita, uwe ulikigusa au hukukigusa. Hata data uliyomgawia jirani kwa hotspoti imo humo, kwenye mstari wake.

Kwa hiyo kuna malalamiko ya aina mbili, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni "sikutumia data hiyo yote". Kama simu yenyewe inaonyesha GB 4 zimepita, hapo huna kesi, tafuta programu iliyokula bando. La pili ni "hesabu hazilingani", yaani kampuni imekata GB 4 na simu inasema imepita GB 1.3. Hili ndilo la kuandikia barua.

Chukua mfano huu. Mfanyabiashara wa vitenge ananunua bando la wiki la GB 4 kwa Sh 6,000, Jumatatu Machi 3, 2025 asubuhi. Kabla ya kuwasha data anapiga picha ya skrini ya kaunta ya simu yake, inasoma GB 1.20. Picha hiyo ni muhimu kwa sababu simu nyingi za Android huhesabu kwa mwezi, na bando la wiki huanza katikati ya hesabu. Kwenye iPhone ndiyo kabisa, kaunta haijifuti mpaka uifute mwenyewe. Bila namba ya kuanzia, hakuna cha kutoa.

Jumatano saa 3:40 usiku inaingia meseji kwamba ametumia asilimia 75 ya bando. Kaunta inasoma GB 2.36, anapiga picha nyingine. Alhamisi saa 12:15 asubuhi inaingia ya pili, bando limeisha. Kaunta sasa ni GB 2.51.

Tangu anunue, simu imepitisha GB 1.31, kampuni imekata GB 4. Ukitazama usiku ule mmoja, mambo yanakuwa wazi zaidi. Kati ya meseji ya kwanza na ya pili kampuni imekata robo nzima ya bando, GB 1, na simu imesogea GB 0.15 tu. Kisha anafungua historia ya matumizi kwenye programu ya kampuni yenyewe na kukuta jumla ya tarehe 3 hadi 6 ni GB 1.4, karibu sawa na simu yake. Hapo tena si mteja anayebishana na kampuni. Ni rekodi mbili za kampuni zinazopingana.

Meseji hizo mbili si hisani. Kanuni ndogo za vifurushi ambazo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizitoa mwaka 2021 zinamtaka mtoa huduma amjulishe mteja akifikisha asilimia 75 na asilimia 100. Watu wengi huzifuta kwa hasira. Usizifute, ndizo zinazokupa saa kamili.

Kabla ya kuandika, hakikisha mambo machache ambayo simu yako isingeweza kuyahesabu. Je, laini iliwahi kuwekwa kwenye modemu au simu nyingine ndani ya siku hizo? Kuna MB ulizomhamishia mtu? Bando lilikuwa la mitandao ya kijamii pekee, au sehemu yake ilikuwa ya usiku tu? Na je, simu ilirudishwa upya kama ya kiwandani, kaunta ikaanza sifuri? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya haya linaweza kumaliza kesi hapo hapo.

Tofauti ndogo pia usiihangaikie. Wengine huhesabu GB 1 kuwa MB 1,024 na wengine MB 1,000, na kampuni inaweza kukweza kila muunganisho hadi kizio kinachofuata. Kwa bando la GB 4, tofauti ya vizio peke yake ni kama MB 96. Haiwezi kueleza GB 2 na zaidi.

Barua yenyewe iwe fupi. Saa ziandike kwa mtindo wa saa 24 kama zilivyo kwenye meseji. Ukiandika "saa 3:40", anayesoma rekodi anaweza kutafuta 03:40 na asikute kitu.

"Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja.

YAH: MAKATO YA BANDO YASIYOLINGANA NA HISTORIA YA MATUMIZI

Machi 3, 2025 nilinunua bando la wiki la GB 4 kwa Sh 6,000 kwenye namba tajwa hapo juu. Meseji yenu ya Machi 6, saa 06:15, inasema limeisha. Historia ya matumizi kwenye programu yenu inaonyesha GB 1.4 kwa siku hizo, na simu yangu GB 1.31. Kati ya Machi 5, saa 21:40, na Machi 6, saa 06:15, mmekata GB 1, simu imetumia GB 0.15. Laini haikutumika kwenye kifaa kingine na sijahamisha MB.

Naomba mchanganuo wa kila muunganisho kwa siku hizo: saa ya kuanza na kuisha, kiasi cha data, na salio lililokatwa. Pia naomba kujua kizio mnachotumia kukweza hesabu. Ikithibitika kuna makosa, naomba kurudishiwa MB zilizozidi. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30.

Nimeambatisha picha nne."

Ombi la mchanganuo ndilo moyo wa barua. Ukiomba MB tu, unaweza kupewa MB 500 za kukutuliza na chanzo kisijulikane. Kama wanasita kuutoa, taja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi, na rekodi za laini yako ni zako.

Itume kwa barua pepe ili tarehe ibaki, au ipeleke dukani ukiwa na nakala igongwe muhuri. Dai namba ya lalamiko. Jibu likija na maneno "matumizi yako yamethibitishwa" bila mchanganuo, hawajajibu ulichouliza. Waandikie tena kwa namba ile ile. Siku 30 zikipita kimya, au jibu likiwa lile lile, peleka lalamiko TCRA, ukiambatisha barua, namba ya lalamiko, majibu yao kama yapo na zile picha nne: kaunta mara tatu, historia mara moja.