Kope zisizoonekana: Paka rangi macho yakiwa wazi

Je, msomaji, umewahi kupaka rangi ya kope ukafumba jicho moja mbele ya kioo na kujionea jinsi ilivyokaa vizuri, kisha ukafumbua macho yote mawili na rangi yote ikatoweka? Ikiwa ndivyo, usiilaumu rangi wala mkono wako. Tatizo liko katika umbo la jicho, na dawa yake ni kubadilisha mahali unapopaka.

Lakini kwanza ujue jicho lako ni la aina gani, maana watu huchanganya aina mbili zilizo tofauti. Simama mbele ya kioo kilicho sawa na uso wako, tazama mbele na ulegeze nyusi. Ukiona ngozi iliyo chini ya nyusi imeshuka mfano wa pazia na kufunika kope zako (nasema ile ngozi inayofunga jicho, si nywele zake), basi macho yako ni ya pazia. Ikiwa kope zinaonekana ila ziko kwenye kivuli, na mfupa wa nyusi umetokeza mbele, basi macho yako yameingia ndani. Kunao walio na yote mawili, na hao wafuate maelezo ya pazia.

Kanuni inayotawala kazi hii ni moja: rangi nzito isiyong'aa huonyesha mahali kama pamerudi nyuma, na rangi nyepesi au inayong'aa huleta mahali mbele. Sasa fikiri juu ya lile pazia. Lenyewe tayari limejaa na limetokeza. Ukilipaka rangi inayometameta, utalivimbisha zaidi, hasa mbele ya taa ya kamera. Linahitaji rangi nzito ya kulirudisha nyuma. Kumeta kuwekwe pale padogo pa ukope panapoonekana.

Tuchukue mfano wa msichana mwenye rangi ya maji ya kunde iliyokoza, ambaye Jumamosi atakuwa msimamizi wa bibi harusi. Macho yake ni ya pazia, na picha zitapigwa kutwa nzima. Ana rangi mbili tu: ya kahawa iliyokoza isiyong'aa, na ya shaba inayong'aa kidogo. Zinatosha. Asinunue ile rangi ya waridi nyeupe au ya pembe za ndovu ambayo picha za magazeti husifu. Kwenye ngozi yake itageuka kijivu kama jivu. Na kahawia nyepesi iliyo sawa na ngozi yake haitaonekana kabisa, kwa hivyo achague iliyo nzito kuliko ngozi kwa daraja mbili hivi.

Baada ya kunawa, apanguse kope kwa karatasi ya shashi ili zisiwe na mafuta hata kidogo. Losheni na vaselini ni adui mkubwa hapa, kwa sababu pazia husugua ukope kila anapopepesa, na mafuta ndiyo yanayohamisha rangi kutoka chini kwenda juu. Apake krimu nyembamba ya kuficha madoa, angoje dakika mbili, kisha aigandamize kwa poda kidogo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hushika kioo kidogo mkononi na kutazama chini. Ngozi huvutika, ukope hujitokeza, nao hupaka kwenye mkunjo halisi, ambao utafichwa mara tu wakiinua uso. Kioo cha msichana wetu kisimame ukutani, sawa na macho yake. Atazame mbele, macho wazi, nyusi zimelegea. Kuinua nyusi ni kujidanganya, kwa maana hutapita arusini umeshangaa siku nzima.

Sasa achukue brashi ndogo yenye rangi ya kahawa na aweke nukta tatu juu ya pazia lenyewe, takriban milimita 4 juu ya ukingo wake: moja juu ya pembe ya nje ya jicho, moja juu ya mboni, na ya tatu kati ya mboni na pua. Ndipo aziunganishe kwa upinde mwembamba. Huo ni mkunjo mpya, na unaonekana macho yakiwa wazi. Aufifishe kwa brashi safi kuelekea juu peke yake. Akiifuta kuelekea chini atalifanya pazia lionekane limeshuka zaidi. Aache nafasi ya ngozi tupu chini ya nyusi, la sivyo jicho zima litakuwa kama limepigwa ngumi.

Pembe ya nje yahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa pazia hushuka zaidi upande huo. Afikirie mstari unaotoka pembe ya nje ya ukope wa chini hadi mwisho wa nyusi, na rangi isivuke mstari huo wala isiufuate mkunjo unaoteremka.

Rangi ya shaba aigandamize kwa ncha ya kidole katikati ya ukope, juu ya mboni, pasipo kupita upinde. Wanja uwe mwembamba kama uzi, umeshikamana na mizizi ya nywele za kope. Wanja mnene unakula nafasi yote tuliyoihangaikia. Akipaka maskara, atazame chini mpaka ikauke, kwani ikiwa mbichi itachapa nukta nyeusi kwenye pazia.

Baadaye arudi nyuma hatua mbili na kujitazama. Upinde ukionekana kama kivuli, kazi imekwenda sawa. Ukionekana kama mstari, aufifishe tena. Baada ya saa moja ajitazame tena. Akiona mchirizi umechapwa juu ya upinde, ni mafuta: apanguse kwa pamba iliyokunjwa, aweke poda. Kuongeza rangi juu ya mafuta ni kuongeza uchafu.

Macho ya watu wengi hayalingani, na upande mmoja huwa na pazia kubwa. Pandisha upinde wa upande huo kidogo, ukilinganisha macho yote mawili yakiwa wazi. Hiyo ni tofauti ya maumbile uliyonayo tangu zamani. Lakini ukope wa jicho moja ukishuka ghafla, hasa ukiambatana na kuona vitu viwili viwili, kuumwa kichwa sana au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, weka brashi chini na uende hospitali mara moja. Naye mama au nyanya ambaye ngozi imelegea hata inamzuia kuona juu amwone daktari wa macho, kwani rangi haiwezi kumsaidia.

Ninyi wenye macho yaliyoingia ndani, msifuate upinde ule wa kahawa. Shimo lenu tayari lina kivuli cha asili, na mkikiongezea giza mtaonekana hamjalala wiki nzima. Pakeni ukope wote ile shaba au dhahabu iliyofifia ili utoke mbele. Rangi nzito iende juu ya shimo, kwenye mfupa uliotokeza, kidogo tu, ili urudi nyuma. Wala msitie kitu cha kumeta chini ya nyusi, kwa maana mfupa utazidi kutokeza na jicho litazama tena.