Jalada Liko Mikononi mwa Nani? Ushahidi katika Mapitio ya Vitendo vya Serikali nchini Ufaransa na Uingereza

Utangulizi

Linganisho la mifumo ya mapitio ya vitendo vya serikali kwa kawaida huanzia kwenye muundo wa mahakama. Uingereza, pamoja na nchi zilizorithi sheria yake, ikiwamo Tanzania, huwaachia majaji wa mahakama za kawaida kazi ya kupima uhalali wa maamuzi ya watawala. Kwa upande wake, Ufaransa iliwakataza majaji wa kawaida kuingilia mambo ya utawala kwa sheria ya tarehe 16 hadi 24 Agosti 1790. Baadaye ikajenga safu tofauti ya mahakama za utawala, ambayo kilele chake ni Baraza la Dola lililoundwa mwaka 1799. Mwaka 1885 mwanasheria wa Kiingereza A. V. Dicey alidai kwamba mpangilio huo wa Kifaransa ulielekea kuwakinga maofisa wa serikali dhidi ya raia. Makala hii inaupima mtazamo huo kwa swali moja tu: mwananchi anapolalamika kwamba sababu halisi ya uamuzi imefichwa, nani ana wajibu wa kulileta jalada la serikali mbele ya jaji?

Swali hili ni la msingi kwa kuwa misingi ya ubatili inafanana sana katika mifumo yote miwili. Kokote kule, mamlaka yaliyotumiwa kwa lengo ambalo sheria haikuliruhusu ni mamlaka yaliyotumiwa isivyo halali. Hata hivyo, lengo hukaa katika barua za ndani, dokezo na ripoti za idara, na nyaraka hizo zimo mikononi mwa mlalamikiwa.

Shauri la Barel, 1954

Mwaka 1953 serikali ya Ufaransa iliwakatalia vijana watano, miongoni mwao Barel, kufanya mtihani wa kuingia Shule ya Taifa ya Utawala, yaani chuo kilichoandaa maofisa wa ngazi za juu. Mmojawao alikuwa Mohammed Bedjaoui, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Walalamikaji walidai kwamba walikataliwa kwa sababu ya itikadi zao za kisiasa, hususan kudhaniwa kuwa wakomunisti. Serikali ilikana dai hilo, lakini haikueleza sababu nyingine.

Baraza la Dola halikuwataka walalamikaji wathibitishe jambo lililofungiwa kabatini mwa waziri. Liliwataka walete mambo mahususi yanayojenga dhana nzito, na hilo walilitimiza. Ndipo Baraza, kwa mamlaka yake lenyewe ya kuendesha uchunguzi wa shauri, likaamuru majalada yaletwe. Serikali haikuyaleta. Tarehe 28 Mei 1954 Baraza liliamua kwamba, kwa kushindwa huko, sababu iliyodaiwa na walalamikaji ihesabiwe kuwa imethibitika, likaufuta uamuzi wa kuwakatalia.

Hatua hizi zinapaswa kutenganishwa. Mzigo wa uthibitisho haukuhamishiwa kwa serikali tangu mwanzo, kwani mlalamikaji aliyeleta tuhuma tupu angeshindwa. Kilichobadilika ni kwamba, baada ya dhana nzito kuonekana, jaji mwenyewe alikwenda kuutafuta ushahidi, na ukimya wa serikali ukawa na gharama. Utaratibu huu unatokana na umbile la mahakama za utawala. Lalamiko la kutaka uamuzi ufutwe halihitaji kibali cha awali. Kwa kawaida linatakiwa kufikishwa ndani ya miezi miwili tangu uamuzi ulipojulishwa, na tangu hapo jaji ndiye anayeongoza uchunguzi.

Njia ya Kiingereza

Katika mfumo wa Kiingereza wahusika wenyewe ndio hupanga na kuleta ushahidi. Anayetaka mapitio huanza kwa kuomba kibali. Uingereza humtaka aombe upesi, na kwa kawaida asivuke miezi mitatu. Nchini Tanzania, kanuni za mwaka 2014 humpa miezi sita kuomba kibali hicho Mahakama Kuu. Hoja huletwa kwa maelezo na kiapo, na serikali hujibu kwa kiapo kinzani. Kwa hiyo mwombaji hulazimika kuonyesha hoja yenye uzito kabla hajaliona jalada.

Kwa muda mrefu ugumu huo ulizidishwa na kinga ya nyaraka za serikali. Mwaka 1942, katika shauri lililotokana na kuzama kwa nyambizi Thetis mwaka 1939, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kwamba waziri akitamka rasmi kuwa kutoa waraka kutadhuru maslahi ya umma, mahakama haina budi kukubali. Msimamo huo uliachwa mwaka 1968 katika shauri la Conway dhidi ya Rimmer, ambapo majaji walijipa uwezo wa kuzisoma nyaraka wenyewe na kupima iwapo zinastahili kufichwa.

Mwaka huohuo uliamuliwa shauri la Padfield, lililo karibu zaidi na lile la Barel. Wafugaji wa kusini-mashariki mwa Uingereza walilalamikia bei walizolipwa chini ya mpango wa soko la maziwa. Waziri wa Kilimo alikataa kulipeleka lalamiko lao kwenye kamati ya uchunguzi iliyowekwa na sheria. Mojawapo ya hoja za upande wake ilikuwa kwamba waziri asiyelazimika kutoa sababu hawezi kuhojiwa anaponyamaza. Majaji waliikataa hoja hiyo: iwapo mambo yote yanayojulikana yanaelekea upande mmoja na waziri hana maelezo, mahakama inaweza kuhitimisha kwamba hakuwa na sababu halali. Waziri aliamriwa alifikirie lalamiko hilo upya kwa mujibu wa sheria.

Mifumo hii miwili basi ilifika karibu pamoja kwa njia tofauti. Jaji wa Kifaransa alilidai jalada kwanza, kisha akahukumu kutokana na kutoletwa kwake. Jaji wa Kiingereza alihukumu kutokana na ukimya wenyewe, bila kuamuru jalada liletwe. Baadaye mahakama za Kiingereza zilisisitiza wajibu wa mamlaka ya umma kueleza ukweli wote katika viapo vyake. Hata hivyo, utekelezaji wa wajibu huo huanzia kwa mlalamikiwa mwenyewe, na mapungufu yake hugunduliwa pale tu mwombaji anapojua nini kimeachwa.

Mipaka

Uwezo wa jaji wa Kifaransa nao una mpaka. Katika shauri la Coulon la mwaka 1955, Baraza la Dola lilikubali kwamba haliwezi kudai nyaraka zilizofunikwa na siri ya ulinzi wa taifa, ingawa linaweza kudai maelezo na kutoa hitimisho lake kutokana na jibu.

Mpaka wa pili ni wa nafuu yenyewe. Wakati wa Barel jaji wa utawala aliweza kufuta, lakini uwezo wa jumla wa kuiamuru serikali ichukue hatua mahususi ulikuja kwa sheria ya tarehe 8 Februari 1995. Katika Padfield, kamati iliyoitishwa baadaye iliwaunga mkono wafugaji, lakini waziri akakataa kuyatekeleza mapendekezo yake.

Hitimisho

Dicey alihofia kwamba mahakama iliyo karibu na serikali ingeikinga serikali. Shauri la Barel linaonyesha kwamba ukaribu huo uliweza kumpa jaji ujasiri wa kulidai jalada, miaka kumi na minne kabla ya mahakama za Kiingereza kuliacha neno la mwisho la waziri. Kwa mtafiti wa sheria ya Tanzania, kipimo kinachofaa ni kuzisoma hukumu na kuuliza mambo mawili: je, mahakama ilidai waraka wowote kutoka kwa mlalamikiwa, na je, ilihitimisha nini pale waraka ulipokosekana? Majibu hayo yataeleza ulinzi halisi anaoupata mwananchi kuliko idadi au majina ya mahakama.