Ukiambiwa Neno Halimo

Mtu ameletewa kwenye simu faili la kurasa mia mbili kuhusu mradi wa barabara utakaopita shambani kwake. Anataka jambo moja tu: lini atalipwa fidia. Kwenye kompyuta angebonyeza Ctrl+F, au Command+F kama ni Mac. Kwenye simu anagusa menyu na kuchagua kutafuta. Anaandika "kulipwa fidia". Jibu: hakuna. Anafunga faili akiamini kwamba mradi haukuahidi chochote.

Programu haikumwambia hivyo. Inachojua ni mfuatano wa herufi, na haijui kwamba "watafidiwa", "malipo ya fidia" na "fidia italipwa" ni habari ileile. Kiswahili kinaongeza ugumu kwa sababu neno hubadilika mwanzoni na mwishoni, huku shina likibaki katikati. Basi tafuta shina. Ukiandika "fidi" pekee utapata fidia, kufidiwa, watafidiwa na yaliyofidiwa kwa mpigo mmoja.

Si kila shina linatii namna hiyo. Jaribu "lipa" uone: pamoja na kulipa utaletewa alipata, walipanda na alipanga, kwa kuwa herufi hizo nne zimo ndani ya maneno yote hayo. Ukifupisha zaidi ukaandika "lip", kila "walipofika" itajitokeza. Hapo ni afadhali kutafuta mara mbili tatu: kwanza "lipw", inayonasa kulipwa, atalipwa na hayajalipwa, halafu "malipo". Idadi ya matokeo inayoonekana kando ya kisanduku ndiyo kipimo chako. Ikifika mamia, ongeza herufi. Ikiwa sifuri, punguza.

Chaguo la neno zima, ambalo Firefox huliita Whole Words na Word huliita Find whole words only, huleta tu neno linalosimama peke yake. Linafaa sana kwa neno fupi lisilobadilika. Ukitafuta "ada" bila chaguo hilo utamiminiwa baada, msaada na madaraka. Lakini likibaki limewashwa unapotafuta "fidi", hutapata kitu, kwa sababu "fidi" hapo ni kipande tu cha neno. Kila ukipata sifuri, litazame hilo kwanza. Match Case, la kutofautisha herufi kubwa na ndogo, nalitumia kwa majina ya watu: Juma aliyetia saini si juma la kazi.

Kuna mitego midogo pia. Katika PDF, neno lililokatwa mwisho wa mstari kwa kistari huenda lisionekane, na msemo mrefu unaovuka mstari huweza kupotea. Alama ya ng' nayo huandikwa kwa namna mbili, iliyonyooka na iliyopinda, na baadhi ya programu huziona kuwa vitu tofauti. Kwa "kunyang'anywa" andika "nyang" tu, ishara uiache.

Kisha kuna faili ambalo halina herufi hata moja. Kurasa zilizopitishwa kwenye skana, au kupigwa picha kwa simu, ni picha za maandishi. Jicho linasoma, programu nyingi hazioni kitu. Kulitambua ni rahisi: tafuta "ya". Waraka wa Kiswahili wenye kurasa mia mbili bila "ya" hata moja haupo. Halafu jaribu kuchagua mstari mmoja kwa kipanya, uunakili na kuubandika kwingine. Usipochagulika, ni picha. Ukibandikwa kama herufi zisizosomeka, maandishi yapo ila yameharibika ndani, na kutafuta hakutasaidia.

Hatari zaidi ni faili mchanganyiko: mwili umechapwa kwenye kompyuta, lakini jedwali la viwango vya fidia na kurasa za saini zimeskaniwa na kuunganishwa nyuma. Hapo "ya" inapatikana mara elfu, nawe unaridhika. Angalia matokeo yanaishia ukurasa wa ngapi. Yakikoma ukurasa wa 140, zile sitini zilizobaki zisome kwa macho.

Au zigeuze. Ukiipakia PDF kwenye Google Drive na kuifungua kwa Google Docs, picha husomwa na kuwa maandishi, ingawa mpangilio huvurugika. Mwenye kompyuta iliyowekewa OCRmyPDF pamoja na data ya Kiswahili anaweza kuandika:

```
ocrmypdf --skip-text -l swa skani.pdf mpya.pdf
```

Sura ya waraka haibadiliki, ila chini ya kila picha panawekwa maandishi yasiyoonekana ambayo yanatafutika. Maneno --skip-text yanaziacha kurasa ambazo tayari zina maandishi.

Usomaji huo hukosea, hasa kwenye nakala hafifu: "rn" huwa "m", na tarakimu 1 huwa "l". Kwa hiyo jina au kiasi cha fedha kisipopatikana, tafuta neno lililo jirani yake, kama "shilingi" au "kiwanja", kisha soma tarakimu kwenye picha yenyewe.